Potasiamu iko 7, neva iko karibu na kizingiti: mbona miguu inalegea?

"Dokta, niko mwaka wa pili wa mediseni hapa Bukavu. Silabi inasema potasiamu ikipanda mu damu, potensieli ya kupumzika ya neva inatoka kwenye −70 inasogea karibu na kizingiti. Kama ni hivyo neva ingewaka ovyo ovyo, mgonjwa atetemeke na akakamae. Lakini juma lililopita kwenye staji tuliona baba mmoja wa figo, potasiamu 7, miguu imelegea, hata kusimama hawezi. Sasa nani anadanganya, silabi ao mgonjwa? Tena wenzangu wanasema potasiamu ya inje inaingia ndani ya seli njo inaleta shida. Naomba unielezee na fazi za potensieli ya aksyoni polepole."

Mdogo wangu, hakuna anayedanganya. Silabi imesema kweli lakini imekatia njiani, na yule baba alikuwa anakuonyesha kile kipande kilichobakia. Jibu lenyewe ni fupi: neva inasogea karibu na kizingiti, ni kweli kabisa, lakini kule kusogea kunafanyika polepole na kunabaki pale masaa na masaa, na chaneli za sodiamu zikikaa muda mrefu karibu na kizingiti bila kuvuka, zinajifunga zenyewe kwa ndani. Neva inabaki mlangoni lakini ufunguo haupo tena. Wenzako nao, hilo la potasiamu kuingia, tutaanza nalo kwanza, juu usipolitoa kichwani hautaelewa kinachofuata.

Tuanzie neva ikiwa imepumzika. Ndani ya seli iko potasiamu karibu 140 milimoli kwa lita, inje iko 4 hivi. Sodiamu ni kinyume, inje karibu 140, ndani 14 hivi. Pampu ya sodiamu na potasiamu njo inayotunza huo utofauti, inatoa sodiamu 3 inaingiza potasiamu 2, usiku na mchana. Sasa utando wa neva iliyopumzika una matundu madogo ambayo hayafungwi, na karibu yote yanapitisha potasiamu, sodiamu inapita kidogo tu kwa shida. Basi potasiamu, kwa kuwa ni mingi ndani, inatoka polepole inaenda inje. Kila ioni inayotoka inabeba chaji chanya yake, inaacha ndani pamebaki hasi kidogo. Inatoka ingine, ndani panazidi kuwa hasi. Mpaka inafika mahali ile hasi ya ndani inaanza kuivuta potasiamu irudi, kwa nguvu ile ile iliyokuwa inaisukuma itoke. Hapo njo usawa wa potasiamu. Kama ingekuwa potasiamu peke yake, usawa ungekuwa kwenye −95 milivolti hivi. Juu sodiamu nayo inavuja ndani kidogo, neva inakaa pale kwenye −70.

Sasa potasiamu ya damu ikitoka 4 ikafika 7, je inaanza kuingia ndani? Wapi! Ndani bado iko 140, inje 7, mara 20. Inaendelea kutoka tu, lakini hamu ya kutoka imepungua. Wewe uko Bukavu, enda usimame pale Ruzizi inapotokea mu ziwa. Maji yanatoka Kivu, mita kama 1460 juu ya bahari, yanashuka hadi Tanganyika, mita kama 770. Tanganyika ikipanda, na watu wa Uvira wanajua vile inapanda, je Ruzizi itageuka ianze kupanda mlima kuja Bukavu? Hapana. Itaendelea kushuka ila mwanguko umepungua kidogo. Potasiamu nayo ni vile. Ikitoka kidogo, hasi inayoachwa ndani inapungua, utando unapanda toka −70 kuelekea sufuri. Hakuna kitu chanya kilichoingia, ni ile hasi iliyokosa kujengwa vizuri.

Kuna kiasi kidogo cha potasiamu kinachohamia ndani ya seli damu ikizidiwa, pampu inasaidia hapo, lakini hicho njo kinachomwokoa mgonjwa, hakiko ndani ya ugonjwa. Utaona tukifika kwenye insulini.

Tupige hesabu, juu bila hesabu unaweza kufikiri kutoka 4 hadi 7 ni kitu kidogo. Usawa wa potasiamu kwa joto la mwili unatafutwa hivi:

```
E = 61.5 × log(K_inje / K_ndani)

K_inje 4:  61.5 × log(4/140) = −95 mV
K_inje 7:  61.5 × log(7/140) = −80 mV
```

Milivolti 15 zimeenda. Angalia tena fomula, iko na uwiano. Ile 3 uliyoongeza inje karibu iongeze maradufu namba ya juu, lakini ungeongeza 3 ile ile ndani, 140 kuwa 143, hakuna kitu kingebadilika. Ndiyo maana mwili unalinda potasiamu ya damu kati ya 3.5 na 5 kwa ukali mkubwa, na sodiamu ya damu inaweza kupanda ao kushuka kwa 10 bila potensieli ya kupumzika kushtuka, juu matundu ya sodiamu yaliyo wazi wakati wa kupumzika ni machache.

Kwa neva yenyewe, ukihesabu na ile sodiamu inayovuja (chukua mfano kwamba utando unapitisha sodiamu mara 25 chini ya potasiamu), inatoka kwenye −72 inafika −64. Kizingiti tuseme kiko −55. Safari ilikuwa milivolti 17, sasa imebaki 9. Hapo silabi yako iko sawa kabisa, na nusu ya kwanza ya swali lako iko sawa: kama ungeisukuma neva hiyo dakika ile ile potasiamu inapanda, ingewaka kwa msukumo mdogo kuliko zamani. Wagonjwa wengine mwanzoni wanasema wanasikia kama sisimizi wanatembea kwenye vidole na midomo, njo hiyo.

Sasa tuingie mu fazi, na hapa naomba usome polepole, juu wanafunzi wengi wanazikariri kama orodha na wanasahau kwamba fazi zote ni mchezo wa milango miwili tu.

Chaneli ya sodiamu iko na milango miwili, sio mmoja. Mlango wa kwanza, silabi zinauita m, umefungwa neva ikipumzika na unafunguka haraka sana volteji ikipanda. Mlango wa pili, h, umefunguka neva ikipumzika, na unafungwa volteji ikipanda, lakini wenyewe ni mzito, unachelewa. Shika hilo: kitu kile kile, yaani kupanda kwa volteji, kinafungua mlango mmoja na kinafunga mwingine, tofauti yao ni mwendo tu. Kati ya m kufunguka na h kufungwa kuna nafasi ndogo, haifiki hata milisekunde moja kwa neva ya joto la mwili, na ndani ya hiyo nafasi njo potensieli ya aksyoni yote inazaliwa.

Neva iko −70, inapata msukumo, inapanda hadi −55. Milango m ya kutosha inafunguka, sodiamu inaingia, volteji inapanda, milango m mingine inafunguka, sodiamu zaidi inaingia, inakuwa moto wa kwenye majani makavu. Hii njo depolarizasyoni, na juu inajilisha yenyewe haiwezi kuwa nusu, ni yote ao hakuna. Inavuka sufuri, inafika karibu +30, ndani panakuwa chanya kwa muda kidogo kabisa. Hodgkin na Katz mwaka 1949 walipunguza sodiamu ya inje kwenye aksoni nene ya ngisi wakaona ile kilele inashuka, njo vile walijua ni sodiamu inayopandisha.

Kwa nini haifiki kwenye usawa wa sodiamu, pale +60 hivi, ikabaki huko? Juu wakati inapanda, milango h nayo ilikuwa inafungwa taratibu, na sasa imefungwa. Sodiamu haiingii tena. Wakati ule ule chaneli za potasiamu za volteji, zile za pole, zimefunguka, potasiamu inatoka kwa wingi, volteji inashuka. Hii njo repolarizasyoni. Naomba unisikie vizuri hapa juu kila mwaka kwenye egzameni naona kosa hili: pampu haina kazi yoyote kwenye kushuka huku. Ukizima pampu, aksoni nene bado inaweza kupiga potensieli nyingi sana kabla ichoke, juu ioni zinazovuka kwa kila pigo ni chache, kwenye aksoni nene haifiki hata moja kwa elfu ya zile zilizo ndani. Pampu ni mfanyakazi wa usiku anayepanga duka, muuzaji wa mchana ni mwingine.

Chaneli za potasiamu zinachelewa kufungwa, basi volteji inashuka kupita kiasi, inaenda karibu −80, kisha inarudi −70. Hiyo ni hiperpolarizasyoni ya mwisho. Ina kazi yake, ngoja.

Wakati h imefungwa, hata ukiipiga neva kwa umeme mkali namna gani, haijibu. Mlango wa kwanza unaweza kufunguka lakini wa pili umeziba. Ni ule muda wa ukaidi kamili. Na sasa swali linaloshika siri yote ya yule baba wa figo: h inafunguka tena lini? Haifunguki juu muda umepita tu. Inafunguka juu volteji *imeshuka* tena kwenye hasi ya kutosha na ikakaa huko milisekunde chache. Ni kama mtego wa panya. Ukishafyatuka, hauwezi kufyatuka mara ya pili kabla mtu aurudishe, auvute chini, autege. Kushuka hadi −70 na −80 njo mkono unaotega mtego upya. Bila kushuka hakuna kutega.

Sasa rudi kwa potasiamu 7. Utando umetoka −72 umekaa −64, haujapanda kwa ghafla ya milisekunde, umepanda ndani ya masaa ao siku. Milango m haikufunguka kwa pamoja, juu kizingiti hakikuvukwa. Lakini milango h, ile mizito, ilikuwa na muda wote wa dunia. Imeanza kujifunga mmoja mmoja, kimya kimya, bila potensieli yoyote kupigwa. Hodgkin na Huxley walipima jambo hili kwenye ngisi, wakaliandika mwaka 1952: hata kwenye potensieli ya kawaida ya kupumzika, karibu 40 kwa 100 za chaneli za sodiamu zilikuwa tayari zimezibwa na h, ukishusha utando milivolti 30 karibu zote zinakuwa tayari kwa kazi, ukiupandisha milivolti 30 na kuuacha pale karibu zote zinazibwa. Namba za neva ya binadamu sio zile zile za ngisi, lakini umbo la mstari ni lile lile: ndani ya milivolti chache karibu na pale neva inapopumzika, kila milivolti unayopanda inakupokonya chaneli nyingine.

Basi una mambo mawili yanayovutana. Moja, umbali hadi kizingiti umepungua, hilo linarahisisha. Mbili, chaneli za kuwasha moto zimepungua, na kizingiti chenyewe kinapanda, juu sasa unahitaji kusukuma zaidi ili zile chache zilizobaki ziweze kushinda potasiamu inayotoka. Potasiamu ikiwa imepanda kidogo, jambo la kwanza linashinda, unapata sisimizi. Ikizidi kupanda, la pili linashinda. Potensieli zinazopigwa zinakuwa fupi, zinapanda polepole, na potensieli inayopanda polepole inasukuma jirani yake kwa nguvu ndogo, mwendo kwenye neva unapungua, mpaka mahali pengine inazimika njiani. Kwa hiyo silabi ilikuambia jambo la kwanza ikakusahaulisha la pili. Na kumbe kukakamaa ulikokuwa unangojea kungehitaji neva ipige, itege mtego, ipige tena, mara nyingi, haraka. Ni ile kazi ya kutega ambayo potasiamu imeharibu.

Utaniuliza, mbona basi ni miguu, wakati neva ziko mwili mzima? Hapo inabidi uongeze msuli. Utando wa msuli umepumzika chini zaidi, karibu −87, juu unapitisha sodiamu kidogo kuliko neva, unafuata potasiamu kwa uaminifu zaidi. Piga hesabu ile ile ukiweka sodiamu inapita mara 100 chini ya potasiamu: kwa 4 unapata −87, kwa 7 unapata −75. Msuli umepanda milivolti 12 wakati neva imepanda 8 tu. Anayemfuata potasiamu karibu njo anayeumia naye zaidi. Ule ulegevu uliouona, sehemu kubwa yake inatoka kwenye msuli wenyewe: neva inaweza kuleta ujumbe, msuli unashindwa kuusambaza kwenye utando wake. Kwa kawaida unaanzia miguuni unapanda, na misuli ya uso mara nyingi inabaki salama, njo maana yule baba aliweza kuongea na nyinyi vizuri huku magoti yakikataa.

Moyo nao ni msuli wa aina hiyo, unakaa karibu −90, na ni yeye anayeua. Kama unataka ushahidi kwamba potasiamu mingi inazima badala ya kuwasha, waangalie wapasuaji wa moyo. Wakitaka moyo usimame ili washone, wanaumiminia kwenye mishipa yake maji baridi yenye potasiamu nyingi, mara nyingi kati ya 15 na 30 milimoli kwa lita. Moyo haukakamai. Unasimama umelegea, laini, umejaa. Utando wake umepanda, chaneli za sodiamu zimezibwa zote, hakuna wa kupiga. Wakisafisha ile potasiamu, utando unashuka, mitego inategwa upya, moyo unaanza tena. Nilipoelewa hilo kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi kama wewe, kila kitu kilikaa mahali pake.

Kwa yule baba, kama walimpiga elektrokadiogramu, labda uliona wimbi T limesimama refu, jembamba, limechongoka kama paa la hema. Kisha potasiamu ikizidi, wimbi P linalala hadi linapotea, na QRS inapanuka. Kupanuka kwa QRS njo ile hadithi ya milango h unayoisoma kwa macho: ujumbe unatembea polepole kwenye ventrikuli juu chaneli za sodiamu zimebaki chache. Lakini usije ukaamini kwamba elektrokadiogramu nzuri ni usalama. Kuna wagonjwa wenye potasiamu ya juu sana na mistari yao inaonekana ya kawaida, kisha ghafla inabadilika.

Matibabu nayo utayaelewa sasa bila kukariri. Kitu cha kwanza moyo ukionyesha alama ni kalsiamu kwenye mshipa, kwa kawaida glukonati ya kalsiamu ya 10 kwa 100, wakiangalia moyo kwenye mashine. Kalsiamu haipunguzi potasiamu hata kidogo, ukipima tena utakuta ni 7 ile ile. Elezo la vitabu ni kwamba inakaa inje ya utando, chaneli za sodiamu zinahisi kama volteji imeshuka, kizingiti kinasogea mbali, na umbali kati ya kupumzika na kizingiti unarudi. Inafanya kazi ndani ya dakika chache lakini inaisha ndani ya nusu saa hadi saa moja. Ni kununua muda. Ndani ya muda huo wanatoa insulini pamoja na glukozi, ambayo inaamsha pampu isukume potasiamu iingie ndani ya seli, pengine na salbutamoli ya kupulizwa inayofanya kazi ya namna hiyo hiyo. Unaona sasa ile potasiamu kuingia ndani ya seli ni dawa, wenzako waliigeuza kuwa ugonjwa. Lakini hata hapo potasiamu bado iko mwilini, imefichwa tu, baada ya masaa inarudi. Kuitoa kabisa inahitaji mkojo kama figo bado zinasikia, ao dializi kama hazisikii. Na sukari ya mgonjwa inapimwa tena na tena masaa yanayofuata, juu insulini inaweza kumwangusha baadaye wakati kila mtu amefurahi potasiamu imeshuka.

Kitu kimoja cha labo kabla sijasahau, juu kilinifunza vibaya. Kwenye opitali fulani nilikofanyia kazi tuliletewa jibu la potasiamu 7.4 ya msichana mwenye afya, anatembea, anacheka. Sampuli ilitoka kwenye kituo cha mbali, imerushwarushwa kwenye pikipiki barabarani masaa mengi, serumu ilikuwa nyekundu. Chembe nyekundu zimejaa potasiamu kama seli zingine, zikipasuka kwenye chupa zinaimwaga yote. Garo iliyofungwa muda mrefu na mgonjwa akikunja ngumi ikifunguka ikifunguka wakati wa kuchomwa navyo vinapandisha namba. Tulichukua sampuli mpya, ilikuwa 4.3. Basi namba ya juu kwa mtu asiye na sababu yoyote, serumu nyekundu, elektrokadiogramu safi: rudia haraka. Lakini kwa mtu wa figo aliyelegea miguu, usingoje kurudia ndipo utende, huyo anaangaliwa moyo palepale.

Na kama yule baba ni wa nyumbani kwenu, ao unamjua mtu wa figo, mwenye kutumia spironolaktoni ao dawa za presha za aina ya kaptopuril na enalapril, mwambie wazi: miguu ikianza kulegea bila sababu, moyo ukidunda vibaya ao ukienda polepole sana, akikosa seansi ya dializi, anaenda opitali yenye labo na mashine ya moyo siku hiyo hiyo, usiku kama ni usiku. Hakuna wa kumpima potasiamu kwa macho, hata mimi siwezi. Sombe, lengalenga, ndizi, maharage na parachichi viko na potasiamu mingi, kwa figo nzima hakuna shida, zinaitoa; kwa figo iliyokufa lazima aongee na daktari wake kiasi gani ale na vipikwe namna gani, asikate vyote kwa kusikia tu jirani.

Nikuachie kazi ya nyumbani, juu egzameni inaipenda. Weka potasiamu ya damu 2 badala ya 7, mtu aliyeharisha siku nyingi. Usawa wa potasiamu unashuka hadi −113 hivi, msuli wa mfano wetu unatoka −87 unaenda karibu −99. Mitego yote imetegwa vizuri, milango h iko wazi, chaneli ni tele, lakini kizingiti sasa kiko mbali mno, msukumo wa kawaida haufiki. Na mgonjwa huyo analegea miguu, kama yule baba wa figo. Ukisimama mbele ya kitanda hauwezi kuwatofautisha kwa magoti peke yake, na ukimpa wa kwanza potasiamu ya wa pili kabla ya labo ao elektrokadiogramu, umemuua.